Zohali kamkalia Zuhura: je, ndoa yangu imefungwa?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, mzaliwa wa Tanga, tarehe 18 Novemba 1995. Kadi ya kliniki imeandikwa nilizaliwa saa 2:00 asubuhi. Nilijaza hayo kwenye programu ya nyota ya simu, ikaniambia Zohali yuko nyumba yangu ya saba, ile ya ndoa, na anamtazama Zuhura kwa mraba. Tangu hapo sina amani.*

*Nyumbani baba hakuwa mtu wa maneno. Ukishika nafasi ya pili anakuuliza wa kwanza ni nani. Mwaka 2024 niliyekuwa naye aliondoka, akasema amechoka kubahatisha kama nampenda. Sasa kuna mwalimu mwenzangu. Tumezoeana taratibu, tunasahihisha pamoja, tunapanda daladala moja. Mwezi uliopita aliniomba nikaonane na dada yake. Nikageuza mazungumzo, na mpaka leo sijamjibu. Naogopa akinijua vizuri ataniacha. Kuna mtu mtandaoni anasema nyota yangu imefungwa, nimtumie shilingi laki tatu aisafishe. Ni kweli sitaolewa?*

*Mwenye hofu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu.

Fungua tena hiyo programu uangalie saa uliyojaza. Nina hakika uliandika 2:00 AM, maana ndivyo kadi inavyosomeka na neno asubuhi limekaa pembeni yake. Lakini mkunga wa Tanga aliandika saa ya Kiswahili. Kwa programu, 2:00 AM ni saa nane usiku. Saa mbili asubuhi yako ni 8:00 AM. Chati iliyokunyima usingizi ni ya mtoto aliyezaliwa saa sita kabla yako, na kwa muda huo robo nzima ya anga hupita kwenye upeo wa mashariki.

Kosa hili naliona mara kwa mara kwenye chati za watu wa kwetu, na kuligundua hakuhitaji utaalamu. Tazama Jua limekaa wapi. Chati ina mstari wa kulala unaoikata katikati, nao ndio upeo wa macho. Aliyezaliwa mchana Jua lake lazima liwe juu ya mstari huo. Kwenye chati uliyopewa Jua liko chini, nyumba ya tatu, kana kwamba mama yako alijifungua gizani. Ukiandika 8:00 AM utaliona limepanda upande wa kushoto, juu kidogo ya mstari, kama linavyokuwa saa mbili asubuhi pale Tanga. Ukiwa hapo hapo kwenye mipangilio, chagua nyumba za Whole Sign ili tuwe tunatazama kitu kimoja.

Kilichobadilika ni hiki. Saa nane usiku buruji, moja ya zile nyota kumi na mbili, iliyokuwa inachomoza ni Mashuke, kwa hiyo Samaki, iliyo mkabala wake, ikawa nyumba ya saba na Zohali akakutwa pale pale kwenye mlango wa ndoa. Saa mbili asubuhi inayochomoza ni Mshale. Samaki inakuwa nyumba ya nne, ya wazazi na ya mahali ulipolelewa, na ndipo Zohali wako anapokaa. Nyumba yako ya saba ni Mapacha, na Zohali hayumo. Hilo la kuambiwa ndoa imekaliwa liweke chini kabisa.

Sasa lililobaki, maana sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mraba wenyewe ni wa kweli. Katika saa sita Zuhura husogea kama theluthi moja ya digrii tu, na Zohali karibu hasogei kabisa, kwa hiyo saa iliyokosewa haigusi uhusiano wao. Zuhura wako yuko digrii ya 18 ya Mshale, Zohali digrii ya 18 ya Samaki. Kati yao ni digrii 90 karibu kamili, kwa tofauti isiyofika digrii moja. Zaidi ya hapo, Zohali wiki hiyo alikuwa karibu amesimama, kwani alikuwa anamaliza kurudi nyuma ili aanze kwenda mbele. Sayari ikisimama juu ya digrii fulani tunaihesabu kuwa na sauti nzito. Kwa hiyo unachokihisi hujakibuni, na usikubali mtu akuambie ni mawazo tu.

Lakini pia usidhani wewe ni wa ajabu. Zuhura huzunguka buruji zote kwa takriban mwaka, na njiani hukutana na Zohali, humtazama kwa mraba kutoka pande mbili, na hukabiliana naye. Hizo ni sehemu nne. Tukiruhusu digrii sita kila upande, kama wengi wetu tunavyofanya, kila sehemu ni digrii 12, jumla 48 kati ya 360. Ni kama mtu mmoja katika kila saba au wanane. Kwenye darasa la wanafunzi 45 wanaweza kuwemo sita. Kama mguso huu ungekuwa unafunga ndoa, kila ukoo ungekuwa na orodha ndefu ya wasioolewa.

Tunausomaje basi? Zuhura ni upande wako unaopenda, unaotaka kupendeza, unaopokea. Zohali ni mpaka, muda, wajibu, na jicho linalokagua. Wakigusana kwa ukali, mtu hujifunza mapema kwamba kupendwa ni kitu cha kustahili kwanza. Anaingia kwenye mapenzi kama anayeingia chumba cha mtihani. Akitazamwa kwa upendo hajiulizi kama anafurahi. Hujiuliza ni lini ataonekana ana kasoro. Kwa kuwa hukumu anaitarajia, hupenda kuitoa mwenyewe kabla ya mwingine: ananyamaza, anageuza mazungumzo, anachelewesha jibu, halafu mwenzake akikata tamaa anasema, si nilijua. Hofu ya kukataliwa kwa watu wa Zuhura na Zohali ina sura hii mara nyingi. Kwa nje haionekani kama hofu. Inaonekana kama ubaridi, na anayekupenda hawezi kutofautisha.

Kwako hili limekaa nyumba ya nne, tena karibu kabisa na chini ya chati, sehemu tunayoiita msingi. Sihitaji kukuambia mengi, umeshanieleza mwenyewe kuhusu nafasi ya pili na ya kwanza. Nakuomba tu usimsome baba yako kama adui. Zohali katika nyumba ya wazazi mara nyingi ni mzazi anayependa kwa ada iliyolipwa kwa wakati na kwa paa lisilovuja, na maneno hayamtoki. Mtoto huhesabu maneno. Huko ndiko ulikojifunza kipimo, na sasa unamshikia kipimo hicho hicho mtu mwingine ambaye hajakuuliza umeshika nafasi ya ngapi.

Kuna jambo ambalo programu haikukuambia, na kwangu ndilo la kwanza kuangaliwa kila ninapokuta mraba kama huu: je, hizi sayari zinapokeana? Kila buruji ina mwenyewe, na baadhi zina mgeni wa heshima anayepata utukufu humo, tunauita sharafu. Samaki, alikokaa Zohali wako, ni nyumba ya sayari ya Mshtarii, na ni humo humo Zuhura anapopata sharafu yake. Maana yake Zohali amekaa mahali ambapo Zuhura ana heshima, kwa hiyo Zuhura anampokea. Wanajimu wa kale wa Kiyunani na wa Kiarabu walilitilia uzito sana jambo hili. Mraba usio na kupokeana ni watu wawili wanaogombana na hakuna anayemjua mwenzake. Mraba wenye kupokeana bado ni mgumu, bado unachelewesha, ila mwisho wake huwa na makubaliano. Na kwa asili hawa wawili si maadui: sharafu ya Zohali iko Mizani, nyumba ya Zuhura mwenyewe. Zohali anatukuka pale penye ahadi, usawa na mkataba kati ya watu wawili. Ndiyo sababu mguso huu unasomwa pia kama wa mapenzi yanayodumu, ya watu waliokawia kuanza na wakakawia kuachana.

Tena Zuhura wako hayuko peke yake. Mshtarii yuko pembeni yake, digrii moja na kitu mbele, naye yuko kwake, maana Mshale ni nyumba yake. Zuhura akishamalizana na Zohali, anayemfuata ni Mshtarii. Wote wawili wako kwenye buruji inayochomoza, nyumba ya kwanza, ambayo ni wewe mwenyewe unavyoonekana na watu. Sitashangaa kama wanafunzi wako wanakuona mkunjufu na mwenye kicheko, wakati wewe ndani unajiona mgumu kupendeka. Yote mawili yamo kwenye chati. Aliyekuambia nyota yako imefungwa hakuitazama hata hatua hii moja.

Saa sahihi imekupa na jingine. Zohali ni sayari ya mchana. Kwa aliyezaliwa Jua likiwa juu ya upeo, ugumu wake husomwa kuwa wa nidhamu na subira zaidi kuliko wa kunyimwa. Kwa wa usiku hukaza zaidi. Chati ya uongo ilikuwa imekufanya mtoto wa usiku.

Halafu tuone Zuhura anamiliki nyumba zipi kwako, maana humo ndimo mapenzi hupitia kuja. Anamiliki ya sita, ya kazi za kila siku, na ya kumi na moja, ya marafiki. Si za kukutana kwenye sherehe na kupagawa usiku mmoja. Ni mtu ambaye kwanza ni mwenzako wa kazi, kisha anakuwa rafiki, na siku moja unagundua unamngojea kituoni. Nilipofika kwenye maneno yako ya kusahihisha pamoja na kupanda daladala moja, nilirudi kuisoma barua tangu mwanzo.

Kuhusu 2024. Zohali humaliza mzunguko wake kwa takriban miaka 29 na nusu, kisha hurudi pale alipokuwa ulipozaliwa. Kwako alipita juu ya digrii ile ya 18 ya Samaki mara tatu, kati ya Mei 2024 na Februari 2025, mara moja akienda mbele, mara moja akirudi nyuma, kisha mbele tena. Kila alipopita alimtazama Zuhura wako kwa mraba ule ule wa kuzaliwa. Ni kipindi ambacho mtu wa chati hii huulizwa kwa nguvu: unampenda huyu au unajilinda tu? Uliulizwa, na hukujibu, na uliyekuwa naye akaondoka. Ila usimbebeshe Zohali mzigo wote. Yule kijana alikutajia sababu kwa mdomo wake: amechoka kubahatisha. Hakusema hupendezi wala hufai. Wewe uliyasikia maneno yake kama hukumu juu ya thamani yako, kumbe yalikuwa malalamiko kwamba mlango hauna mtu wa kuitikia hodi.

Sasa huyu wa leo. Watu wenye mguso huu huniuliza watajuaje kama mapenzi yanakuja polepole au hayaji kabisa, kwa sababu kuna wanaume wanaojificha nyuma ya neno taratibu. Tazama kama kila hatua inaongeza kitu, na kama lililoahidiwa dogo linatimizwa. Yanayokuja polepole huwa na ngazi: mazoea, kisha siri ndogo, kisha ndugu. Mtu anayekuahirisha hukupa maneno yale yale mwaka mzima, na siku zote kuna sababu ya kutokuonyesha kwao. Mwalimu mwenzako amepanda kutoka kusahihisha hadi dada yake. Kwa kipimo hicho anaye­kawia kwa sasa si yeye.

Nisikilize kwa makini hapa. Kunyamaza kwako si kungoja. Kwake ni jibu, na kila wiki inayopita linazidi kusomeka kama hapana. Unachokiogopa kufanyiwa, yeye anafanyiwa sasa hivi, na anayemfanyia ni wewe. Ameinua mkono, amemtaja dada yake, kisha mtu akaanza kuongelea ratiba ya mitihani.

Si lazima umwambie ndiyo kwa yote. Zohali hapendi kukurupushwa, na ukijilazimisha kufunguka kwa siku moja utajifunga kwa mwezi. Anachopenda ni muda uliotajwa na neno linaloshikwa. Kwa hiyo mwambie jambo dogo lenye tarehe. Mkiwa mnatoka shuleni, si kwa ujumbe wa simu, mwambie hivi: "Lile la dada yako nilisikia. Nililikwepa, lakini si kwa sababu sikutaki. Mimi huchelewa kufunguka, nikiogopa hunyamaza. Nipe mpaka Jumapili nikuambie lini twende." Kisha Jumapili ifike na umwambie. Hata ukitaja tarehe ya mwezi ujao si neno, ila itajwe. Mtu aliyekuvumilia tangu mlipoanza kusahihisha pamoja hatashindwa na mwezi mmoja wenye tarehe. Kinachomshinda mtu ni kutojua.

Na ukienda kwa dada yake, kuna kitu nataka ukikague ndani yako. Utarudi nyumbani na kuanza kujisahihisha: nilicheka sana, sikula vya kutosha, nilijibu kwa mkato. Hiyo ndiyo sauti ya mraba. Huwezi kuizima, lakini usiichukue kuwa ndiyo sauti ya wenyeji wako. Subiri wao waseme wenyewe. Kama hawakusema kitu, basi hakikusemwa.

Umeniuliza kama utaolewa. Chati haina jibu la ndiyo au hapana kwa swali hilo, na mimi sitakutajia mwaka. Inaonyesha namna unavyopenda, mahali unapojikwaa, na vipindi ambavyo jambo linabanwa au linalegezwa. Haionyeshi huyu mwalimu ana moyo gani; hilo utalijua kwa kukaa naye. Ninaloweza kusema ni kwamba kipindi cha kubanwa kimepita. Tangu Februari 2026 Zohali yuko Hamali, wengi wanaiita Punda, na kutoka huko anaitazama Mshale kwa digrii 120, tazamo la kusaidiana. Litakuwa kamili kwa Zuhura wako karibu na Aprili 2027. Kwa kawaida huo ni wakati ambao mambo yaliyojengwa polepole hupata umbo, kama yalijengwa. Kama hukumjibu mtu, hakutakuwa na cha kupata umbo.

Ila kabla ya kuniamini mimi, mpigie mama umuulize kama Jua lilikuwa limeshachomoza. Kadi zetu nyingi saa hukadiriwa, na kila dakika nne husogeza upeo kwa digrii moja hivi. Akikumbuka ilikuwa saa moja na nusu au saa mbili na robo, buruji inayochomoza bado ni Mshale na niliyosema yanasimama. Akisema ilikuwa karibu saa tatu, niandikie, maana tutakuwa tumeingia Mbuzi na nyumba zote zitahama tena. Mraba utabaki, na la Jumapili usilingojeshe kwa ajili hiyo.

Huyo wa laki tatu usimtumie chochote. Hakukuuliza hata saa uliyozaliwa. Zohali hasafishwi, ni sehemu ya chati yako kama alivyo Mshtarii. Ukishamzuia kwenye simu, nunua zawadi ndogo ya kumpelekea dada wa watu, usiende mikono mitupu.

Shangazi